Ni hamu tu, au hajali kwamba sijawa tayari?

Swali: Nina miaka 24, mchumba wangu 27. Kubusiana sina neno, lakini kila tukikaa kwake mkono wake unaingia ndani ya blauzi. Nikiutoa, baada ya muda anaurudisha. Anasema mapenzi yamemzidi. Nitajuaje ukweli?

Jibu: Dada, kumtamani sana mpenzi si kosa, na mwenye hamu anaweza kusogea mbele kuliko ulivyotarajia. Lililo muhimu ni analolifanya baada ya kujua kwamba hutaki. Mkono ukitolewa kimya kimya mara ya kwanza, yawezekana hakuelewa, kwa hiyo mwambie kwa maneno, mkiwa hamjaanza kushikana: "Kubusiana nafurahia, lakini sitaki kushikwa ndani ya nguo. Nikiwa tayari nitakuambia mwenyewe."

Kisha uangalie. Anayekujali anaweza kunyong'onyea, hata kukiri kwamba ni vigumu kwake, lakini mkono haurudi, mazungumzo yanaendelea, na siku nyingine anauliza kabla ya kugusa. Asiyejali husubiri dakika chache akajaribu tena, au hununa mpaka umbembeleze, au hukuhesabia vocha na nauli alizokutumia, au husema, "Ungenipenda usingekataa." Ukikubali kwa sababu tu umechoka kukataa, hiyo si ridhaa. Kwa maelezo yako, mkono unaorudi kila mara tayari unanitia wasiwasi. Mkono ukirudi hata baada ya maneno hayo, usikubali tena hoja ya mapenzi kumzidi, kwa kuwa mtu huyo huyo angejizuia mara moja kama mama yake angebisha hodi.

Swali: Lakini mara nyingine nakakamaa na sauti haitoki. Si nimekubali hapo?

Jibu: Hujakubali. Mwili wenye hofu unaweza kukimbia, kupambana au kuganda, na anayeganda hukaza misuli, pumzi humbana, na maneno hukwama ingawa kichwani yamo. Mpenzi makini huona kwamba humrudishii busu, naye huacha na kukuuliza kuna nini. Kwa sasa kutaneni penye watu, na uwe na nauli yako mwenyewe ya kurudi nyumbani.

Swali: Na akinilazimisha?

Jibu: Nenda hospitali au kituo cha afya upesi, hata kama hujaamua kwenda polisi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ina faida. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, na havifai kusubiri kupita siku 5. Ukiweza usioge kabla ya kupimwa, na nguo ulizovaa uziweke bila kuzifua kwenye mfuko wa karatasi. Ukiwa Tanzania na ukataka kushtaki, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Uchumba wenu haumpi haki ya kukulazimisha.