Kipima muda cha kuonekana: maana yake na namna kinavyomsaidia mtu mwenye shida ya umakini kuanza na kuhama kazi

Saa kumi na robo jioni mwanangu wa miaka 9 ameketi mezani, daftari la hesabu liko mbele yake, kalamu mkononi. Saa kumi na moja kasoro robo bado yuko palepale. Daftari ni jeupe, na kifuniko cha kalamu kimetafunwa mpaka kimepasuka. Ukimuuliza anatakiwa kufanya nini, anakujibu bila kukosea: "Swali la kwanza mpaka la tano, mama." Anajua, ila hajaanza.

Kwa muda mrefu niliuita huo uvivu, na nilikosea. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi miaka mingi na watu wenye shida ya umakini, hali inayojulikana kwa kifupi kama ADHD, anaieleza shida hii kwa namna iliyonifungua macho: mtu hakosi kujua la kufanya, anakwama kulitenda analolijua, pale na wakati ule linapotakiwa. Ndiyo maana mawaidha hayasaidii sana. Yanaongeza kujua, na kujua hakukuwa kumepungua.

Kilichopungua ni kitu kingine. Wengi wetu tuna saa ndani ya kichwa. Si sahihi sana, lakini inatunong'oneza kwamba dakika kumi zimekwisha, kwamba sasa ni muda wa kuacha hiki na kushika kile. Kwa mtu mwenye shida ya umakini mnong'ono huo ni hafifu, au unafika umechelewa. Kwake kuna "sasa" na kuna "baadaye", na baadaye ni mbali, hata kama ni robo saa tu ijayo. Kikumbusho cha nje ni chochote kinachofanya kazi ya mnong'ono huo kikiwa nje ya kichwa, mahali jicho, sikio au mkono unapoweza kukikuta. Kipima muda cha kuonekana ni aina mojawapo ya vikumbusho hivyo: kinaupa muda umbo, ili mtu auone ukipungua badala ya kuukumbuka.

Kile kinachouzwa madukani ni saa yenye duara la rangi, mara nyingi nyekundu. Unavuta rangi mpaka dakika unazotaka, nayo inajikunja taratibu hadi inapotea yote. Aliyekibuni ni mama mmoja wa Cincinnati, Ohio, Jan Rogers, katika miaka ya 1990, kwa sababu binti yake mdogo alikuwa hachoki kuuliza imebaki muda gani.

Saa ya kawaida ya ukutani haifanyi kazi hiyo, na kwetu sisi ugumu unazidi. Mtoto anayeitazama saa kumi na robo jioni anaona mshale mfupi umeipita kidogo 4, ambayo yeye huisoma kumi. Halafu mshale mrefu uko kwenye 3, nayo ni robo. Umwambie "una dakika 20", inabidi ahesabu kutoka kwenye 3 mpaka kwenye 7, aishike hesabu hiyo kichwani, na papo hapo aendelee na swali la kugawanya. Anayekuwa na shida ya umakini huangusha kimoja kati ya hivyo vitatu. Rangi haihitaji kuhesabiwa. Ikiwa kubwa, muda upo. Ikiwa nyembamba, muda unakwisha.

Kengele nayo pekee haitoshi, na hapa ndipo watu wengi hukosea wanapochukua simu na kuweka alamu. Alamu iko kimya dakika 19, ya 20 inapiga kelele. Mtu aliyezama kwenye jambo anashtuliwa, hakuna kilichomwandaa. Tazama adhana inavyofanya: kwanza unasikia wito kwamba wakati umeingia, unapata nafasi ya kuacha ulichonacho, kutia udhu na kusogea, kisha ikama inakuambia simameni. Ni ishara mbili, na katikati yake pana njia ya kupita. Kipima muda kizuri kinatumika hivyo hivyo.

Sikununua kile cha dukani. Nilichukua saa ya ukutani ya bei nafuu yenye kioo, nikaishusha mpaka usawa wa macho ya mtoto, karibu na meza anaposomea. Kwa maka peni ya ubao mweupe ninapaka kwenye kioo kipande kama cha chapati, kuanzia ulipo mshale wa dakika mpaka utakapofika muda ukiisha. Mshale unatembea ndani ya rangi. Tofauti na kile cha dukani, rangi ya nyuma haijifuti yenyewe, kwa hiyo nilimfundisha mtoto kutazama rangi iliyo mbele ya mshale tu. Siku mbili zilitosha kuelewa. Kama kioo ni cha plastiki, jaribu kwanza pembeni, maana rangi nyingine hugoma kufutika.

Simu ingeweza kufanya kazi hiyo, na programu zipo. Lakini simu ni mlango wa michezo na video, na unampa mtu anayeshindwa kujitoa kwenye vitu hivyo autazame kila dakika. Mimi niliiweka mbali.

Sasa kuanza. Kipima muda hakimwambii mtu afanye nini, kinamwambia muda tu, kwa hiyo lazima kiambatane na ishara ya hatua ya kwanza. Na hatua hiyo iwe ndogo mpaka ionekane ya kijinga. "Fanya hesabu" si hatua, ni mlima. "Andika tarehe ya leo" ni hatua. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichunguza kwa miaka mipango midogo ya namna hii, "ikitokea hivi, nitafanya vile", na akaona kwamba kuifunga kazi kwenye tukio la wazi humsaidia mtu kuianza kuliko nia peke yake. Kwetu kauli ni hii, na mwanangu aliitunga mwenyewe: "Nikiweka kikombe cha chai kwenye sinki, nakaa, naandika tarehe." Kikombe ndicho kikumbusho. Daftari linakuwa limeshafunguliwa kwenye ukurasa, kalamu juu yake, swali la kwanza limezungushiwa duara. Rangi kwenye saa ni dakika 10 tu, si saa nzima, kwa sababu lengo la kipande hicho cha kwanza ni kuingia kazini. Baada ya hapo anapumzika dakika 3 au 4 akiwa amesimama, kisha tunapaka kipande kingine.

Kuhama kutoka kwenye kitu anachokipenda ni kugumu zaidi kuliko kuanza, na nadhani hapa ndipo kipima muda kinapolipa gharama yake. Tuchukue katuni kabla ya kazi ya shule. Zamani nilikuwa naita kutoka jikoni: "Zima tivii!" Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Sauti inayorudiwa hugeuka kuwa sehemu ya kelele za nyumba, kama feni, na mtoto hudanganyika kwamba mwito wa kweli ni ule wa hasira tu. Sasa rangi inapakwa kabla katuni haijaanza, naye yupo, anaona. Zikibaki dakika 5 nasogea mpaka alipo, nagusa bega lake, nasubiri anitazame, ndipo naonyesha saa kwa kidole. Mguso huo usiuruke. Mtu aliyezama hasikii, na saa iliyo nyuma ya kichwa chake ni kama haipo.

Kisha tunatafuta kituo. Kama muda unaishia katikati ya kisa, tunakubaliana mapema: mwisho wa sehemu hii au goli linalofuata, si dakika kamili. Kama kilichoachwa hakikuisha, mathalani mchoro, anaandika kikaratasi cha "nilipoishia" na kukibandika juu yake. Mvutano mwingi hapa nyumbani ulikuwa hofu kwamba akiacha, kitapotea. Halafu anabeba kitu kwa mikono yake kwenda kwenye kazi inayofuata, kwetu ni jagi la maji la mezani. Mwili ukishahama, akili huufuata kwa wepesi kidogo.

Utajuaje kama inasaidia? Usipime kwa madaftari kujaa wala kwa alama za shule, hizo zina sababu nyingi. Pima jambo moja: dakika ngapi kati ya ishara na neno la kwanza kuandikwa. Andika kwa wiki moja kabla ya kuanzisha chochote, kisha wiki mbili baada yake. Kwetu ilikuwa nusu saa siku nyingi, ikashuka mpaka chini ya dakika 10, na siku mbaya zikabaki kuwepo, hasa alipolala vibaya.

Wiki ya tatu ikarudi juu. Nilidhani njia imeshindwa, kumbe macho yalikuwa yamezoea saa, kama unavyozoea picha ya sebuleni mpaka huioni tena. Nilihamishia saa upande wa pili wa meza na kubadili rangi kutoka nyekundu hadi kijani, ikarudi kufanya kazi. Kosa jingine lilikuwa langu: nilifurahi nikajaza ukuta vikaratasi, ratiba, picha, mishale. Vikumbusho vikiwa kumi, hakuna hata kimoja kinachokumbusha. Vimebaki vitatu.

Kuna watoto ambao rangi inayopungua inawatia hofu. Utaona anatazama saa kuliko daftari, anafuta-futa, mwandiko unaharibika, au analia rangi ikikaribia kwisha. Hapo geuza saa ubavu ili aione akigeuka tu, na mwambie wazi kwamba rangi ikiisha tunapumzika, hatuhesabu makosa. Mzazi akikitumia kama fimbo, "rangi imeisha, utaona", mtoto atakichukia kifaa chenyewe. Na mzazi akiongeza dakika kila akiombwa, rangi haina maana tena.

Kuna pia kukwama ambako saa haikugusi kabisa. Kama hajaelewa kugawanya, mpe dakika 10 au 100, atakaa vilevile, anahitaji kufundishwa. Na kama anaganda kwa sekunde kadhaa, macho yamekodoa, huwezi kumtoa hata ukimgusa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, mpeleke akaonwe na daktari, kwa sababu kifafa cha aina moja hufanana hivyo na watu hukiita kuota mchana.

Tangu mwezi uliopita tumeanza kupunguza. Dakika 5 za onyo anazitaja mwenyewe, mimi nasikiliza tu. Kikaratasi cha "nilipoishia" amekihamishia shuleni, hakuna aliyemwambia. Kikombe kwenye sinki kipo bado, na siku chai ilipokosekana alijaza kikombe maji, akanywa, akakiweka kwenye sinki, akaenda kuandika tarehe.