Kwa nini "plasebo" inafaulu mtihani na mgonjwa haelewi

Kwenye fomu ya ridhaa ya utafiti wa dawa, sentensi inayonisumbua kuliko zote ni ile ya kugawa makundi. Tuseme ni utafiti wa kichocho kwenye mwalo wa Igombe au Kayenze. Wagonjwa wote wanapewa prazikwanteli kama kawaida, kisha nusu yao wanaongezewa kidonge kipya na nusu kidonge kisicho na dawa. Tafsiri ya kwanza kutoka Kiingereza huja hivi:

"Washiriki watagawanywa kinasibu kupokea dawa ya utafiti au plasebo, na mshiriki wala mtafiti hatafahamu mgawanyo huo."

Ukimpa mtafsiri mwingine airudishe kwenye Kiingereza, "plasebo" inarudi ilivyokuwa na karatasi inapita. Kumbe kinachopimwa hapo ni ulinganifu wa lugha mbili, na muuza dagaa hajaulizwa kitu.

Wengine wanajaribu kurahisisha, wanaharibu zaidi. "Bahati nasibu" ina zawadi, kwa hiyo mtu anadhani atakayepata kidonge kipya ndiye mshindi, wakati bado haijajulikana kama kinasaidia. "Dawa bandia" ni mbaya zaidi, maana hiyo ndiyo dawa feki inayokamatwa madukani. Nani atakubali kuimeza?

Mimi huivunja sentensi hiyo hivi:

"Kila mtu atapewa dawa ya kichocho ya kawaida. Baada ya hapo tutakuweka kwenye kundi moja kati ya mawili. Kundi lako halitachaguliwa na daktari, wala wewe. Ni kama kuokota karatasi moja kati ya mbili zilizokunjwa. Kundi moja litapewa kidonge kipya. Hatujui bado kama kinasaidia. Kundi lingine litapewa kidonge kinachofanana nacho, lakini ndani hakina dawa. Wewe hutajua umepewa kipi. Daktari anayekuhudumia naye hatajua."

Imekuwa ndefu, ndiyo. Asiyejua kusoma atasomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti kabla ya kuweka dole gumba, kwa hiyo kila sentensi lazima ieleweke kwa kusikia mara moja. Vipimo vya Kiingereza vya kupima ugumu wa maandishi kwa kuhesabu silabi havisaidii hapa: "hatutakulazimisha" ina silabi 8 na kila mtu anaielewa, "kinasibu" ina 4 na inamwacha mtu njia panda.

Kujaribu fomu, naanza na watu 5 wasio na kazi hospitalini. Siulizi "umeelewa?", kwa sababu jibu ni "ndiyo" hata kwa heshima tu. Nauliza: "Mama, ukirudi nyumbani baba watoto akakuuliza unapewa nini kule, utamwambiaje?" Akisema "daktari ataangalia hali yangu, anichagulie kinachonifaa", basi ameuchukua utafiti kama matibabu. Wawili wakijibu hivyo, ninayoiandika upya ni sentensi ya karatasi zilizokunjwa, kisha naenda kwa watu 5 wengine, kwa maana wale wa kwanza wameshazoea jibu.