Kamera Ilifikaje Kabla ya Ugomvi?

Doreen anaingia mkahawani Kololo na kumkuta Sanyu ameketi na rafiki yake. Papo hapo ugomvi wa deni la harusi unalipuka. Wahusika hawa nimewabuni, lakini mtazamaji wa televisheni hapa Uganda ameshaona tukio la namna hii mara nyingi katika vipindi vya maisha ya mastaa na matajiri. Sisi tunaofundisha utangazaji huulizwa swali lile lile kila mara: wale waligombana kweli, au waliigiza?

Mara nyingi jibu liko katikati. Watu ni wa kweli, na deni huenda ni la kweli pia. Kilichotengenezwa ni kule kukutana kwao.

Tuanze siku moja kabla. Prodyuza amekwisha kumwomba meneja wa mkahawa ruhusa na kuchagua meza iliyo mbali na vioo, ili kamera zisijionyeshe. Muziki wa mkahawa utazimwa. Ukiachwa, mhariri akikata sentensi moja wimbo nao unaruka, na zaidi ya hapo wimbo una mwenyewe anayestahili kulipwa. Wateja wa meza za karibu wanatia saini fomu ya kukubali kuonekana, asiyetaka anahamishwa. Sanyu anafungwa maiki ndogo ndani ya nguo. Doreen naye anafungwa ya kwake, ila yeye yuko ndani ya gari nje, anasubiri kuitwa.

Mara nyingi hakuna mtu anayewaandikia maneno ya kukariri. Prodyuza huzungumza na kila mmoja kwa siri. Doreen anaambiwa, "Muulize kuhusu zile pesa, na usitoke mpaka akujibu." Sanyu anaambiwa tu kwamba leo azungumze na rafiki yake kuhusu harusi. Kwa hiyo Doreen anapotokea, mshtuko wa Sanyu unaweza kuwa wa kweli kabisa, ingawa kila kilichouzaa kimepangwa. Ndiyo maana kutazama uso pekee hakukusaidii. Watazamaji wengi husema, "Yule alilia machozi halisi," kana kwamba hilo limemaliza mjadala. Machozi halisi hutoka pia mahali palipopangwa.

Afadhali utazame mlango. Kwenye runinga unamwona Doreen kwa nyuma akisukuma mlango kutoka nje, kisha sekunde ile ile unamwona kwa mbele akiingia. Kama kamera mbili zilikuwa kazini kwa wakati mmoja, ile ya ndani ingepaswa kumwona mpiga picha aliyesimama mgongoni kwa Doreen. Haionyeshi mtu. Basi Doreen aliingia mara mbili: mara moja kamera ikiwa nje, mara ya pili ikiwa ndani. Mtu aliyemfumania mdeni wake hatoki akarudi kuingia upya. Kipimo hiki hakikosi kikomo: kamera ya pili inaweza kufichwa mbali ikatumia lenzi ndefu. Lakini ukiona picha za karibu, za mbele na za nyuma, na hakuna mpiga picha hata mmoja anayeonekana, uwe na shaka.

Jambo hilo hilo liko kwenye simu. Sanyu anampigia dada yake aliye Entebbe, nasi tunamwona dada akipokea, kamera ikiwa tayari sebuleni kwake. Nani aliwaambia wapiga picha kwamba simu italia? Na kwa nini Sanyu ameishika mbele ya mdomo huku spika imefunguliwa, wakati anazungumza siri? Ni kwa sababu maiki yake inahitaji kusikia pande zote mbili.

Halafu kuna mahojiano ya pembeni, pale mhusika anapokaa peke yake na kutueleza alichohisi. Hayo mara nyingi hurekodiwa siku nyingi baada ya tukio, ya vipindi kadhaa kwa mkupuo. Mhusika huombwa arudie nguo na mtindo ule ule wa nywele ili mhariri achanganye vipande bila kugundulika. Huombwa pia aseme kana kwamba jambo linatokea sasa: "Naingia, namwona Sanyu amekaa." Hapo ndipo mhariri anapopata nafasi yake kubwa. Sauti ya Doreen inaanza sentensi tukimwona usoni, kisha picha inahamia kwa Sanyu huku sauti ikiendelea. Sehemu ya pili ya sentensi yaweza kuwa imetoka kwenye jibu la swali jingine kabisa. Sikiliza mahali uso ulipotoweka: sauti hubadilika kimo ghafla, au pumzi inakosekana, au mwangwi wa chumba ni mwingine.

Hapa kwetu kuna ugumu wa ziada. Wahusika huchanganya Kiluganda na Kiingereza katika sentensi moja, na wengi wetu tunaotumia Kiswahili hutegemea maandishi ya chini ya skrini. Macho yakiwa kwenye maandishi, sikio haliutambui ule mshono. Rudisha nyuma kidogo, uyaache maandishi, usikilize tu.

Kipindi kisichopangwa kina alama zake, na nyingi ni kasoro. Kamera inachelewa kufika na kukuta jambo liko katikati. Mtu anageuza mgongo wakati wa neno muhimu. Dereva wa bodaboda anasimama kuduwaa mbele ya lenzi, na sura za wapita njia zimefichwa kwa ukungu kwa sababu hawakuombwa ruhusa. Hata hivyo, kasoro huigizwa. Kamera ya kutikisika imekuwa urembo siku hizi, nami siiamini tena.

Kigumu kuigiza ni kuruhusu watu wakague. Big Brother Africa ya 2003, ambamo Gaetano Kagwa aliiwakilisha Uganda, ilikuwa na chaneli iliyoonyesha saa 24 nyumba waliyoishi washiriki. Prodyuza aliwachagua washiriki na kuwapa kazi za kufanya, kwa hiyo mazingira yalitengenezwa. Lakini aliyetazama chaneli ile aliweza kulinganisha siku nzima na muhtasari wa jioni. Ugomvi wa Doreen hauna chaneli ya namna hiyo. Tunapewa dakika chache zilizochujwa, tena zinaishia katika sherehe ambapo wasiosalimiana wote wamehudhuria. Hapo jiulize nani aliilipia sherehe.

Sheria haifiki mbali katika hili. Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya 2013 inataka taarifa ya habari isipotoshe ukweli, lakini sharti hilo limewekewa habari, na kipindi cha burudani hakimo. Baadhi ya stesheni za nje hukiri zenyewe kwamba mambo yamepangwa. Kipindi cha Uingereza The Only Way Is Essex, kilichoanza 2010, huwaambia watazamaji kwamba watu ni halisi ila baadhi ya mambo yamepangwa ili kuburudisha. Nchini Ujerumani, Familien im Brennpunkt ya RTL ilitumia waigizaji wasio na taaluma, na maandishi ya mwishoni yalisema wahusika wote ni wa kubuni. Wengi hubadilisha chaneli kabla ya kuyafikia.

Kwa hiyo ngoja maandishi ya mwisho, uyasimamishe ukiweza. Ukikuta Story Producer, fahamu kwamba yupo mtu aliyeajiriwa kupanga mtiririko wa visa. Cheo hicho kipo hata katika vipindi visivyo na maneno ya kukariri, kwa hiyo peke yake hakithibitishi uigizaji. Ukikuta Written by, au majina ya wahusika yakiwa sambamba na majina mengine ya waliowacheza, umekuwa ukitazama tamthilia.