AIDA ndani ya sekunde 30: kuandika tangazo la redio la fundi wa mashine za boti

AIDA, mtindo wa kupanga maneno ya tangazo kwa hatua nne, ni mkongwe kuliko vituo vya redio vyenyewe. Kwa kawaida hutajwa kuwa ulianzia kwa Mmarekani Elias St. Elmo Lewis mwaka 1898, wakati biashara zilipokuwa zikitangazwa magazetini na kwenye mabango. Tangazo la redio la kulipiwa lilikuja baadaye sana. Lile linalohesabiwa kuwa la kwanza Marekani lilirushwa New York mwaka 1922. Lilikuwa la nyumba za kuishi, na lilichukua kama dakika kumi nzima! Leo mteja wetu ananunua nusu dakika.

Herufi nne hizo, za maneno ya Kiingereza Attention, Interest, Desire na Action, zina kazi nne. A ya kwanza ni kushika sikio la mtu. I ni kumfanya atake kuendelea kusikiliza. D ni kumtia hamu ya kile unachouza, na A ya mwisho ni kumwambia afanye nini. Gazetini msomaji akipitwa na kitu hurudisha macho juu. Redioni hakuna kurudi, kwa hiyo mpangilio wa hatua hizi una uzito zaidi kuliko kwenye karatasi.

Tuchukue mfano wa karakana ya mashine za boti huko Mokowe, upande wa bara, ambayo inataka kuwapata manahodha wa Lamu, Shela, Matondoni na vijiji vya Pate. Kazi ni kusafisha kabureta na kubadili plagi, na bei ya mfano ni shilingi elfu mbili. Tangazo linarushwa wakati kusi inapoishia, kabla kaskazi haijaingia, maana ndipo watu wanapozikumbuka mashine zilizokaa bila kazi.

Kabla ya kuandika neno, pima chombo chako. Wengi hutumia hesabu ya Kiingereza, maneno 75 hadi 80 kwa sekunde 30, kisha wanashangaa mtangazaji anakimbia kama anafukuzwa. Maneno yetu ni marefu: "tutakutengenezea" ni neno moja lenye silabi nane. Kwa hiyo mimi hesabu yangu ni ya silabi. Njia rahisi ni kuhesabu vokali, halafu uongeze moja kwa kila "m" inayosimama peke yake, kama ile ya "mpya". Mtangazaji anayesoma kwa utulivu huenda kama silabi sita kwa sekunde. Tangazo letu lina sekunde sita za sauti zisizo na maneno, hivyo zinabaki 24, yaani silabi 144. Ukiacha nafasi ya kupumua, usipite 140.

Hii hapa skripti:

SAUTI (sekunde 4): Maji yanapiga ubavu wa boti. Kamba ya mashine inavutwa, mashine inakohoa, inazima. Inavutwa tena, inazima.
BAHARIA (amechoka): Yeo tena, nahodha?
MTANGAZAJI: Barafu umenunua, mabaharia tayari, mashine haiwaki. Mara nyingi mashine ni nzima: kabureta imeziba, au petroli imeingia maji. Ukiileta asubuhi, kesho alfajiri unavuta mara moja...
SAUTI (sekunde 2): Kamba inavutwa mara moja. Mashine inawaka, inanguruma.
NAHODHA: Haya, fungua kamba!
MTANGAZAJI: Kusafisha kabureta na plagi mpya, elfu mbili. Lete mashine karakana ya Mokowe, nyuma ya jeti, kabla ya kaskazi. Mokowe, nyuma ya jeti.

Ni maneno 52 na silabi 139. Tuipitie.

A ya kwanza haina jina la duka, haina salamu, haina "Je, wajua?". Mtu aliyeketi barazani na redio pembeni hasikilizi matangazo, anangoja yapite. Kinachomgeuza shingo ni sauti anayoijua mwilini, na kwa nahodha hakuna sauti inayomuudhi kama mashine inayokohoa na kuzima. Lakini sauti peke yake haitoshi. Mashine iliyozima inaweza kuwa ya pikipiki au jenereta, na ndiyo maana tumeanza na maji yanayopiga ubavu, kisha baharia akaongea. Neno "nahodha" ndani ya sekunde ya sita linamwambia msikilizaji kwamba hili ni lake. Baharia anasema "yeo", yaani leo, kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu, mtangazaji anabaki na Kiswahili cha redioni. Ukimpa mtangazaji wa studio Kiamu ambacho si chake, wenyewe watacheka, na watacheka kwa sababu mbaya.

Angalizo la kiufundi hapa: tangazo lisikilize kwa spika ya simu ya kawaida kabla ya kulipeleka kituoni. Spika ndogo hupoteza sauti nzito, na mngurumo wa mashine ni mzito. Kinachobaki ni mlio wa kamba na kikohozi. Kama kwenye simu husikii kamba ikivutwa, rekodi upya ukiwa na maikrofoni karibu na mkono, usiongeze mngurumo.

I ndiyo sehemu inayoharibika mara nyingi. Mwenye karakana atakuomba uorodheshe: tunatengeneza mashine, tunauza vipuri, tuna propela, tuna oili, tuna mafundi wenye uzoefu. Orodha humaliza hamu ya kusikiliza, kwa sababu haimhusu msikilizaji. Badala yake tumempa vitu viwili. Kwanza hasara yake, tena ile inayoonekana kwa macho: barafu imeshanunuliwa, inayeyuka, na watu wamekaa kwenye boti. Pili, jambo la fundi ambalo huenda hakulitarajia, kwamba mashine yenyewe ni nzima na tatizo ni kabureta au maji kwenye petroli. Hili linamshusha presha mtu aliyekuwa akiwaza gharama za mashine mpya, na kumshawishi kwamba anayezungumza anaijua kazi. Angalia maneno "mara nyingi". Yaondoe, tangazo litakuwa limeahidi kwamba kila mashine isiyowaka tatizo lake ni dogo, na atakayeleta yenye pistoni iliyokwama atakuja kugomba na fundi.

D tumeipa sekunde saba, karibu nusu yake zikiwa za kusikia, si za kuambiwa. Hatukusema "huduma bora" wala "utaridhika". Tumemwonjesha alfajiri ya kesho: kamba inavutwa mara moja, mashine inaitika. Hapo ndipo sauti ya mwanzo inapopata jibu, kwa hiyo zile mbili lazima zirekodiwe kwa mashine ileile na umbali uleule. Zikitofautiana, sikio halitaziunganisha. Na sentensi ya mtangazaji imekatwa makusudi, "unavuta mara moja..." kisha mashine ndiyo inayoimalizia. Mwonyeshe mtangazaji alama hiyo kwenye karatasi asije akashusha sauti kama amefika mwisho.

Ahadi ya "kesho alfajiri" inamfunga fundi. Muulize kabla hujaiandika: kazi hii, kwa mashine ngapi kwa siku, ataweza? Akisema tatu, na tangazo likaleta kumi, basi D yako imegeuka kuwa malalamiko. Afadhali kuandika "kesho kutwa" ambayo ni kweli.

Bei imeingia baada ya hamu. Ukiitaja elfu mbili kwenye sekunde ya tatu, msikilizaji anaipima dhidi ya kitu ambacho bado hajakitaka.

A ya mwisho inabeba jambo moja tu la kufanya. Si "piga simu, au tutembelee, au tufuate mtandaoni". Namba ya simu tumeiacha kwa hesabu: tarakimu kumi zikisomwa "sufuri, saba, mbili..." zinakula silabi zaidi ya 20, karibu sekunde nne, na mtu aliye na wavu mkononi hana kalamu. Mahali hukumbukwa kirahisi, hasa pakitajwa kwa alama ambayo kila mtu anaijua, na ndiyo maana "Mokowe, nyuma ya jeti" imerudiwa na kuwa maneno ya mwisho kusikika. Tena tumesema "lete mashine", si "lete boti". Boti ambayo mashine yake haiwaki itafikaje Mokowe? Mashine ndogo hufunguliwa nyuma ya boti, watu wawili wakaibeba mpaka kwenye boti nyingine. Hatua unayoomba lazima iwezekane kwa mtu aliye na tatizo lilelile unalolitangaza.

Wenye biashara wengi watakutaka uweke muziki chini ya maneno yote. Kwenye tangazo hili ukatae. Muziki utafunika kamba na maji, na ukimya mdogo kabla ya mashine kuwaka ndio unaoifanya iwake vizuri.

Kujaribu ni rahisi. Isome skripti kwa sauti, umesimama, saa mkononi, ukihesabu na sekunde za sauti. Ikizidi 29 kata maneno, usiharakishe. Baada ya kurekodi, mchezee mara moja mtu ambaye hajaiona karatasi na ana shughuli nyingine. Ongea naye habari nyingine kwa dakika kadhaa, kisha muulize: lilikuwa la nini, wapi, na afanye nini? Akikumbuka mashine lakini asijue wapi, ubovu uko A ya mwisho. Akikumbuka Mokowe lakini akadhani ni duka la petroli, rudi kwenye I, huenda neno "petroli" limesomwa kwa mkazo kuliko "kabureta". Akisema "lilikuwa la kuchekesha" na basi, A ya kwanza imekula chakula cha wenzake.

Kuna bidhaa ambazo mpangilio huu hauzitoshi kwa sekunde 30. Mashine mpya ya boti ni pesa nyingi, na hakuna atakayeinunua kwa kusikia tangazo moja. Hapo hatua ya mwisho ishushe: mwambie aje aione ikiwashwa, siku fulani, pwani fulani. Kununua kutafuata mazungumzo ya ana kwa ana.

Mwisho wa skripti urekodi peke yake, kuanzia "Kusafisha kabureta". Kaskazi ikishaingia, "kabla ya kaskazi" inakuwa habari ya jana, na bei nayo huweza kubadilika. Ukiwa na kipande hicho kando, unamrudisha mtangazaji studio kwa sekunde nane tu, na zile 21 za mwanzo zinabaki kama zilivyo.