Presha kuka na nyama ngumu: yanayosemwa jikoni na ukweli wake

Yanayosemwa: presha inaiponda nyama mpaka inalainika.

Haipondi kitu. Mvuke uliofungiwa ndani unakisukuma kipande cha nyama kutoka kila upande kwa nguvu ileile, kwa hiyo hakuna kinachobanwa. Kazi ya presha ni kuyachelewesha maji yasichemke. Kwenye sufuria ya kawaida mjini Dar es Salaam, maji yanachemka yakifika nyuzijoto 100, na hata ukichochea kuni kutwa nzima hayazidi hapo, kwa sababu joto lote la ziada linaondoka na mvuke. Ukiufungia mvuke huo kwenye presha kuka, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzijoto 120.

Nyuzijoto 20 zinaonekana chache, lakini kwa nyama ngumu ni nyingi mno. Kinachokutafunisha mpaka taya zikachoka ni zile nyuzi na utando mweupe unaoshikanisha mnofu, ambao umejaa kolajeni. Kolajeni haikatiki kwa meno, ila ikipata maji na joto kwa muda wa kutosha inayeyuka na kuwa jelatini, ule ute unaofanya mchuzi ung'ang'anie midomo na supu igande ikipoa. Kadiri joto linavyopanda ndivyo kazi hiyo inavyokwenda mbio. Ndiyo maana nyama iliyotaka saa tatu inaiva kwa dakika 45 hivi. Mfaransa Denis Papin alilijua hilo zamani: mwaka 1679 alionyesha London chungu chake cha kufungwa kilicholainisha hata mifupa.

Wanaoishi kwenye miinuko ndio wanaofaidi zaidi. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka yakifika kama nyuzijoto 94 tu, kwa hiyo nyama iliyoiva Mombasa kwa saa tatu itakukalisha Nairobi muda mrefu zaidi. Presha kuka inaziba sehemu kubwa ya pengo hilo, ingawa si lote; kule juu ongeza dakika chache.

Yanayosemwa: moto ukiwa mkali, nyama inaiva upesi.

Moto mkali una kazi yake mwanzoni tu, kuifikisha sufuria kwenye presha. Vali ikishaanza kutoa mvuke mfululizo, joto la ndani limefika mwisho wake. Kuanzia hapo moto wa ziada unatupa maji nje kupitia vali, na maji yakiisha nyama inaungua chini huku wewe unasikiliza filimbi ukidhani mambo yanakwenda vizuri. Punguza moto mpaka mvuke utoke kwa utulivu, kisha anza kuhesabu dakika. Kuhesabu filimbi ni kipimo kibovu, kwa sababu idadi yake inafuata ukali wa moto wako na aina ya sufuria.

Yanayosemwa: presha kuka inafaa nyama yoyote.

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Sarara ina kolajeni kidogo sana, hivyo hakuna cha kuyeyusha. Joto likizidi, nyuzi za mnofu zinajikaza na kuyakamua maji yake nje, nawe unatoa kipande kikavu kilichoelea kwenye mchuzi mwingi. Watu wanashangaa nyama imekaukaje ndani ya maji, lakini maji ya nje hayarudi ndani. Sarara ni ya kikaango na dakika chache. Kuku wa kisasa naye aachwe. Baada ya dakika 20 za presha utakuwa unaokota mifupa.

Vinavyofaidi ni viungo vilivyofanya kazi mnyama akiwa hai: muundi, shingo, kidari, mkia, ulimi, na juu ya vyote kongoro, ambalo ni ngozi, kano na mifupa karibu tupu. Kongoro kwenye sufuria ya wazi linaweza kula saa nne au tano za mkaa. Kwenye presha kuka saa moja na robo inatosha mara nyingi. Jogoo mzee wa kienyeji naye yumo humu. Umri una uzito wake pia: kolajeni ya mnyama mzee imeshikamana zaidi, kwa hiyo muundi wa ng'ombe wa kienyeji aliyezeeka akitembea kutafuta malisho unataka dakika zaidi kuliko wa ndama. Kwa maoni yangu, mwenye presha kuka hana haja ya kulipia steki kwa ajili ya mchuzi. Mwambie wa bucha akupe muundi, tena wenye ule utando mweupe ambao wengine wanauona kasoro.

Tuchukue kilo moja na nusu ya muundi. Kata vipande vikubwa vya kama sentimita tano, kwa sababu vidogo vinasambaratika. Vikaange kwanza kwa mafuta kidogo vipate rangi, maana humo ndani penye unyevu hutaipata rangi hiyo wala harufu yake. Tia kitunguu, tangawizi, chumvi na maji vikombe viwili. Usiyafikishe juu ya nyama. Hakuna mvuke mwingi unaopotea, na nyama yenyewe itatoa maji yake. Sufuria isizidi theluthi mbili. Ikishika presha, punguza moto na uhesabu dakika 40. Sufuria nyingi za umeme zina presha ndogo kidogo, zipe dakika 50. Viazi na karoti subiri kuviweka: nyama ikishaiva, fungua, vitie, kisha uvipe dakika tano nyingine. Ukivianza pamoja na nyama utapata uji.

Yanayosemwa: ikitoka ngumu, umeipitiliza.

Mara nyingi ni kinyume chake. Choma kipande kwa uma. Kama kinanesa kama mpira na uma unagoma kuchomoka, kolajeni haijayeyuka bado. Funga tena, ongeza dakika kumi. Iliyopitilizwa ina sura nyingine kabisa: inachambuka nyuzinyuzi bila kushikwa, lakini mdomoni ni kavu, inakuwa kama vumbi, na hiyo haina dawa isipokuwa kuichambua na kuirudisha kwenye mchuzi mzito. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi pana kwa muundi na mkia, kwa sababu jelatini inailinda nyama na ukavu. Kwa nyama isiyo na utando nafasi hiyo ni finyu sana.

Yanayosemwa: dakika zikitimia, toa mvuke wote haraka.

Kwa viazi, sawa. Kwa nyama, presha ikishuka ghafla maji yaliyozidi nyuzijoto 100 yanachemka kwa fujo, hata yale yaliyomo ndani ya mnofu, na nyama inapoteza unyevu wake. Zima moto, iache dakika 15, kisha toa mvuke uliobaki. Nyama inaendelea kuiva muda huo wote, kwa hiyo dakika hizo ni sehemu ya mapishi. Na mfuniko ukigoma, usiulazimishe wala usiupige. Unagoma kwa sababu presha ingali ndani. Kama vali haitoi chochote lakini mfuniko bado umekaza, huenda kipande cha kitunguu kimeziba tundu. Iache sufuria ipoe kabisa, kisha fungua, safisha tundu hilo kwa sindano, na uukague mpira wa mfuniko kama umepasuka.