Kufupisha maelezo ya toleo: nini kibaki kwa mtumiaji wa kawaida

Programu inapotoka katika toleo jipya, wasanidi wake huambatanisha orodha ya waliyoyabadilisha. Orodha hiyo ndiyo maelezo ya toleo. Mara nyingi hukusanywa kutoka kwenye kumbukumbu ambazo wasanidi waliandikiana wenyewe kwa wenyewe wakati wa kazi, kwa hiyo huongea lugha ya msimbo. Kufupisha maelezo ya toleo ni kuipitia orodha hiyo na kubakiza yale tu yanayomgusa mtu anayeitumia programu na asiyejali imejengwaje.

Jina la kazi hii linapotosha kidogo, maana anayeanza hudhani ni kupunguza maneno. Mistari 40 mirefu ikigeuzwa kuwa mistari 40 mifupi, msomaji bado ana mistari 40. Kazi hasa ni kuchuja, na chujio ni swali moja: mtu huyu akishasasisha, je, kuna kitu atakachokiona tofauti, atakachotakiwa kukifanya, au atakachokikosa? Mstari usiopata jibu unaondoka, hata kama ulimgharimu msanidi wiki tatu za kazi.

Tuchukue programu ya kubuni ya daftari la kuandikia kwenye simu, toleo 4.2.0. Orodha ya ndani iko hivi:

```
refactor: split SyncManager
chore(deps): bump sqlite to 3.45.1
fix: duplicate reminders after timezone change
feat: backup default = wifi_only
feat!: minSdk 26
```

Mstari wa kwanza unasema sehemu ya msimbo inayoshughulikia usawazishaji imegawanywa vipande. Mtumiaji haoni chochote, unaondoka. Wa pili unasema maktaba ya hifadhidata imepandishwa toleo. Nao unaondoka, ila mfupishaji makini huuliza kwanza kama ilipandishwa ili kuziba tundu la usalama. Ikiwa ni hivyo, mtumiaji anatakiwa kuambiwa jambo moja tu: asisubiri kusasisha. Jinsi tundu lenyewe linavyofanya kazi haimsaidii.

Wa tatu unabaki. Aliyesafiri na kubadilisha saa za eneo alikuwa anapata kikumbusho kimoja mara mbili, na sasa hapati. Hapa kuna mtego wa maneno. Ukiandika «Tumerekebisha vikumbusho», umeahidi kwamba kila tatizo la vikumbusho limekwisha. Mtu ambaye vyake huchelewa kwa sababu nyingine atasasisha, ataona bado vinachelewa, na safari ijayo hatakusadiki. Muhtasari usiwe mpana kuliko rekebisho lenyewe.

Mstari wa nne ndio wa hatari, na ndio unaopotea kwa urahisi kuliko yote. Una maneno machache, hauna alama yoyote ya onyo, na kwa msanidi ni mabadiliko ya thamani moja tu: mpangilio chaguomsingi wa nakala rudufu umekuwa Wi-Fi pekee. Sasa mfikirie mtu ambaye simu yake hutumia data ya simu tu na haijawahi kuunganishwa na Wi-Fi. Nakala zake zitaacha kutumwa. Programu haitafunga ghafla wala haitaonyesha kosa, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichoharibika. Atagundua siku simu itakapopotea.

Kabla ya kuuandika mstari huo, kuna jambo la kuhakikisha, nalo halimo kwenye orodha. Chaguomsingi mpya inawahusu nani? Kwa baadhi ya programu huwahusu wanaosakinisha upya tu. Kwa nyingine humkumba pia mtumiaji wa zamani ambaye hakuwahi kuugusa mpangilio ule, kwa kuwa chaguo lake halikuhifadhiwa popote, na programu inasoma tu chaguomsingi iliyopo. Njia ya uhakika ni kuchukua simu yenye toleo la zamani, kusasisha juu yake bila kufuta, kisha kufungua mipangilio na kutazama. Kusakinisha upya kwenye simu tupu hakutakujibu swali hili. Baada ya jaribio, na ikithibitika kwamba wa zamani wanaguswa, mstari unaweza kuandikwa hivi:

«Kuanzia sasa nakala rudufu hutumwa kwa Wi-Fi pekee. Kama hutumii Wi-Fi, fungua Mipangilio, kisha Nakala rudufu, uchague Mtandao wowote. Usipofanya hivyo, kurasa mpya hazitahifadhiwa nakala.»

Ni mrefu kuliko mstari wa asili, na ni sawa tu. Muhtasari wa jumla umepungua, lakini mstari huu umepewa nafasi iliyoachwa na mingine.

Mstari wa mwisho unasema toleo jipya linahitaji Android 8 au zaidi, maana namba 26 ni ya kiwango cha Android 8.0. Mwenye Android 7 anakikosa kitu, kwa hiyo kwa chujio letu unabaki. Lakini ubakie wapi? Mwenye simu hiyo hatapelekewa toleo 4.2.0 hata kidogo, wala huenda asiyaone maelezo yake. Ukimwandikia huku, wanaousoma ni wale usiowahusu. Ujumbe wake ulipaswa kuwa ndani ya 4.1, toleo la mwisho atakalolipata, ukimwambia kwamba daftari litaendelea kufunguka ila marekebisho hayatakuja tena. Firefox ilikutana na hali ya namna hii Julai 2023: toleo 115 lilikuwa la mwisho kwa Windows 7, 8 na 8.1, na watumiaji wa mifumo hiyo wakahamishiwa kwenye tawi la ESR, yaani lile linaloendelea kupata marekebisho ya usalama kwa muda mrefu. Kwa mwenye Windows 10 habari hiyo haikuwa na uzito wowote.

Namba ya toleo isikudanganye katika kuchuja. Kwa utaratibu unaofuatwa na wengi, namba ya kwanza hupanda pale upatanifu unapovunjika, lakini upatanifu unaozungumziwa ni wa programu nyingine zinazounganishwa na hii. Toleo 5.0.0 linaweza lisibadilishe chochote mbele ya macho ya mtumiaji, na 4.1.3 likamhamishia kitufe anachokibonyeza kila siku.

Mpangilio wa mistari iliyobaki ni rahisi: kinachomtaka mtu afanye jambo kije juu, anachokikosa kifuate, rekebisho la vikumbusho liwe chini. Google Play inaruhusu herufi 500 tu kwa maelezo ya toleo katika kila lugha, na wengi husoma mistari ya mwanzo tu. Ikitokea hakuna mstari uliopita kwenye chujio, andika kwamba hakuna kilichobadilika katika matumizi. Ile sentensi ya kila siku ya «marekebisho ya hitilafu na maboresho ya utendaji» haimwambii mtu chochote, na mbaya zaidi humzoesha kutosoma, hadi siku mstari wa nakala rudufu unapokuja.

Bado yupo aliyeruka matoleo, yaani anayetoka 4.0 kwenda 4.2 moja kwa moja. Kwake hufupishi kwa kubandika mihtasari miwili pamoja, bali kwa kulinganisha mwanzo na mwisho. Kama 4.1 ilihamisha kitufe cha kutafuta kikaenda chini, na 4.2 ikakirudisha juu, mtu huyo hakuona kikihama, na muhtasari wake haukitaji kabisa.