"Protini inachosha figo": maneno haya ni kweli kwa nani?

Chukua nyumba moja. Kijana wa miaka 29, kilo 75, anakwenda jimu mara nne kwa wiki na anakula mayai na nyama kwa wingi. Mama yake ana miaka 58, kilo 62, na ana kisukari. Wote wamepima kreatinini, taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyochuja: ya kijana imetoka mikromoli 128 kwa lita, ya mama 115. Nyumbani uamuzi unapitishwa haraka. Kijana aache nyama, figo zinakwisha. Mama yeye ni mzima. Uamuzi huo umekosea kwa wote wawili, na nauona ukirudiwa mara nyingi mno.

Tuanze na huko "kuchoka" kwenyewe. Ukila protini, mwili huivunja na kutumia inachohitaji. Naitrojeni inayobaki hugeuzwa na ini kuwa yurea, na yurea hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Ukila nyama nyingi, figo huongeza kasi ya kuchuja ili kuitoa. Ongezeko hilo ni la kweli, linapimika, na ndilo lililozaa hofu. Mwaka 1982 mtafiti wa figo Barry Brenner na wenzake waliandika kwamba kuchuja kwa kasi namna hiyo kwa muda mrefu huweza kuziumiza chujio za figo. Ushahidi wao mkubwa ulitoka kwa panya waliokatwa sehemu kubwa ya figo. Chujio chache zilizobaki zilibeba kazi ya zote, na protini nyingi ikazidi kuzibana hadi zikapata makovu.

Kwa figo iliyokwisha kupoteza chujio zake, hoja hiyo ina uzito mpaka leo. Tatizo ni kuichukua na kumvika mtu mwenye figo mbili nzima. Mjamzito huchuja kwa kasi inayoweza kuzidi kawaida yake kwa karibu nusu, na figo hurudi zilivyokuwa baada ya kujifungua. Kuongeza kasi si kuumia.

Mwaka 2018 yalikusanywa majaribio 28 yenye watu 1,358 wasio na ugonjwa wa figo, wengine wakila protini nyingi, wengine ya kawaida au kidogo. Mwenendo wa utendaji wa figo haukutofautiana. Mengi ya majaribio hayo yalikuwa ya wiki au miezi, kwa hiyo hayamhusu anayekula gramu 300 kwa siku kwa miaka 20. Lakini kijana wetu anakula gramu 120 hadi 150 kwa siku, yaani kati ya gramu 1.6 na 2 kwa kila kilo yake, na kiwango hicho kimejaribiwa vya kutosha. Kama amewahi kupata mawe kwenye figo ningemshauri apunguze nyama, kwa sababu nyama nyingi huongeza asidi ya yuriki kwenye mkojo. Hiyo ni shida nyingine, si figo kufeli.

Basi ile 128 imetoka wapi? Kreatinini ni taka ya misuli. Mwenye misuli mingi huwa nayo nyingi hata figo zikiwa nzima, na sahani ya nyama iliyopikwa huipandisha kwa saa kadhaa. Na wale wanaotumia unga wa kreatini wa kukuza misuli, sehemu ya unga huo hugeuka kuwa kreatinini yenyewe. Maabara ikiingiza 128 kwenye hesabu ya eGFR, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu, kijana anapata karibu 67, chini ya 90 anayotarajiwa kuwa nayo. Hesabu hiyo haijui kwamba mtu huyu alipima asubuhi baada ya mazoezi mazito na nyama choma ya usiku.

Arudie kipimo akiwa amepumzika siku mbili bila mazoezi mazito, bila nyama tangu jana yake, na unga wa kreatini ameuacha wiki mbili. Apime shinikizo la damu, na kama kuna protini ya damu iitwayo albumini kwenye mkojo. Namba ikibaki pale pale huku mkojo ukiwa safi, kuna kipimo kingine kinachoitwa sistatini C, ambacho hakifuati wingi wa misuli. Na ugonjwa sugu wa figo hautangazwi kwa karatasi moja. Dalili zinatakiwa zidumu angalau miezi 3. Kwa kijana wa jimu, mimi ningemuuliza kwanza habari za diklofenaki anazomeza kila misuli ikiuma. Dawa hizo zinaumiza figo, na hakuna anayezitaja mezani.

Sasa mama. Kwa mwanamke wa umri wake, mwenye misuli michache, ile 115 inatoa eGFR ya karibu 48. Kreatinini yake iko chini ya ya mwanawe, lakini figo zake ndizo zilizopungua. Akipima mkojo na albumini ikaonekana, picha imekamilika: kisukari kimetoboa chujio.

Hapa kuna mkanganyiko unaoniumiza kuusikia. Mtu akiambiwa ana "protini kwenye mkojo", anaelewa kwamba amekula protini nyingi hadi imemwagika. Sivyo. Albumini ile ni protini ya damu yake mwenyewe, na chujio nzima huizuia isipite. Kuonekana kwake kunasema chujio inavuja, hata kama mgonjwa anashindia ugali na mchicha.

Mama ndiye ambaye hoja ya Brenner inamhusu. Utafiti wa mwaka 2003 uliofuatilia wanawake 1,624 kwa miaka 11 ulionyesha mpaka huo wazi: walioanza na figo nzima hawakuathirika kwa kula protini zaidi, ila walioanza na figo zilizopungua kidogo walipoteza utendaji kwa kasi kadiri walivyokula protini nyingi. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, wa KDIGO, wa mwaka 2024 unamshauri mtu wa hatua yake ya ugonjwa ale gramu 0.8 kwa kila kilo kwa siku, na asivuke 1.3. Kwa kilo 62 ni kama gramu 50.

Gramu 50 si njaa. Ugali wa siku nzima wa unga gramu 200 una protini kama 16. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15, yai moja 6, na kipande cha samaki cha gramu 60 kina 13 hivi. Hapo amefika. Kinachomzidishia ni kuongeza robo kilo ya nyama juu ya hivyo vyote. Na kipimo hiki ni cha watu wazima: mtoto mwenye ugonjwa wa figo hapunguziwi protini, kwa sababu anakua.

Kosa la mwisho hutokea figo zikishafika mwisho na mgonjwa akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Familia humshikilia kwenye mlo ule ule wa kujinyima, kumbe kanuni imegeuka. Mashine huondoka na sehemu ya amino asidi, vijenzi vya protini, kila kikao, na sasa anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo. Ukiona mkono unakonda, nguo zinalegea na albumini ya damu inashuka, usikimbilie kudhani ni ugonjwa tu unaomla. Uliza amekula mayai mangapi wiki hii.